Je, wajua kwa nini vifundo vya mwezi hurudi kabla hujatimiza miaka 19?

"Nasikia vifundo vya mwezi hurudi kila baada ya miaka kumi na tisa hivi, na kila vikirudi vinamwonyesha mtu anakoelekea. Vinarudi wapi, na vinaonyesha nini?"

Vifundo, yaani sehemu mbili angani ambapo njia ya mwezi hupishana na njia ya jua, vinarudi pale vilipokuwa siku uliyozaliwa, baada ya miaka 18, miezi saba na siku chache. Wanajimu huuona wakati huo kama njiapanda: mtu hujiuliza kama njia anayoifuata bado ni yake.

Kwa muda mrefu nilidhani vifundo hurudi siku ya kutimiza miaka 19. Nilikuwa nimefungua kalenda nikakuta kwamba baada ya miaka 19 mwezi huandama karibu tarehe zilezile, nikaamini nimeviona vifundo vikirudi. Mwezi uliandama tarehe 6 Januari 2000, ukaandama tena tarehe 6 Januari 2019. Lakini kinachorudi hapo ni umbo la mwezi, yaani hilali kwa hilali na mpevu kwa mpevu. Huo ni mzunguko mwingine kabisa, unaotegemea mwezi umesimama upande gani wa jua. Mzunguko wa vifundo ni mfupi kwa karibu miezi mitano. Anayesubiri keki ya miaka 19 huwa ameshapitwa. Ipo pia dhana kwamba vifundo ni nyota au sayari. Ukielekeza darubini pale hutaona kitu, kwa sababu kifundo ni mahali tu.

Chukua pete mbili za bangili, moja ndani ya nyingine, uinamishe moja kidogo. Zitapishana sehemu mbili. Pete moja ni njia ambayo jua huonekana kuipita angani kwa mwaka, nyingine ni njia ya mwezi, na mwinamo kati yao ni nyuzi tano hivi. Sehemu ambapo mwezi huvuka kwenda kaskazini wanajimu wa zamani waliiita kichwa cha joka, na ya pili mkia wa joka. Wahindi huziita Rahu na Ketu. Kupatwa kwa jua au mwezi hutokea karibu na sehemu hizo peke yake.

Sasa fikiria pia ya watoto inayozunguka sakafuni. Ikiinama, uzito huivuta ianguke, lakini kwa kuwa inazunguka haianguki. Badala yake kichwa chake huchora duara polepole. Njia ya mwezi hufanya hivyohivyo. Mvuto wa jua hujaribu kuilaza ilingane na njia ya jua, lakini kwa sababu mwezi uko mbioni, mwinamo unabaki na ni pale pa kuvukia panaposogea nyuma. Kila mzunguko mwezi huvuka mapema kidogo kuliko mara iliyopita, umbali wa kama miezi mpevu mitatu iliyopangwa kando kwa kando. Baada ya kuvuka hivyo mara 250 hivi, mahali pale huwa pamelizunguka anga lote.

Mchukue mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2000. Kichwa cha joka kilikuwa nyuzi tano ndani ya buruji la Simba, na mkia mkabala wake katika Ndoo. Kilirudi pale katikati ya Agosti 2018. Wiki mbili kabla, usiku wa tarehe 27 Julai, Afrika Mashariki ilishuhudia mwezi ukipatwa wote na kuwa mwekundu kuanzia saa nne na nusu hadi baada ya saa sita, kwa dakika 103. Mwezi ule ulikuwa jirani kabisa na mkia wake wa kuzaliwa. Alipotimiza miaka 19, kichwa kilikuwa kimeshaingia Kaa.

Kwa wanajimu, mkia ni mambo uliyoyazoea na kichwa ni yale unayopaswa kuyaendea. Kwa huyu wa 2000, mwenye mkia katika Ndoo na kichwa katika Simba, maana yake ni kutoka kwenye kujificha ndani ya kundi na kwenda kuunda kitu kwa jina lake. Marejeo ya kwanza yanamkuta akiondoka kwenye njia aliyochaguliwa na wazazi. Ya pili, Machi 2037, yatamwuliza kama alichokichagua akiwa kijana bado kinamfaa. Ya tatu, kabla tu ya miaka 56, yatahusu atakachowarithisha wengine. Ya nne, akiwa na 74 na kitu, ni ya kuachilia.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Mzunguko unapimika, lakini tafsiri haina kipimo cha aina hiyo. Miaka 18 ni umri wa kumaliza shule kwa wengi, na darasa zima la kidato cha sita hurudiwa na vifundo karibu pamoja. Kinachotenganisha mtu na mwenzake, wanajimu husema, ni nyumba ambamo kifundo kimekaa, yaani moja ya sehemu kumi na mbili wanazoligawa anga, na nyumba hutegemea saa ya kuzaliwa. Dakika nne tu husogeza anga kwenye upeo wa mashariki karibu nyuzi moja, kwa hiyo "alizaliwa alfajiri" haitoshi kuipata. Na ukikuta majedwali mawili ya vifundo yanatofautiana kwa wiki kadhaa, huenda hakuna lililokosea: moja limetumia mwendo wa wastani wa kifundo, jingine mwendo wake halisi, ambao huyumbayumba kama nyuzi moja na nusu kila upande.