Dhamana ya Kila Siku Si Makato

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu mikataba ya baadaye, yaani ya kununua au kuuza kitu siku ijayo kwa bei inayokubaliwa leo, katika soko la NEXT, lililozinduliwa Nairobi mwaka 2019, ni ya aina moja: "Sijauza chochote, mbona pesa zangu zimepungua?" Jibu limo katika mkataba aliousaini mteja, na tunaomba usomwe kabla ya kusainiwa.

Biashara ikishakamilika sokoni, taasisi ya ulipaji, ambayo hapa ni NSE Clear, huingia katikati. Mnunuzi hamdai tena muuzaji, wala muuzaji hamdai mnunuzi. Kila mmoja, kupitia wakala wake, anahesabiana na taasisi. Ndiyo maana wote wawili huweka dhamana, yaani fedha za kufidia hasara ikitokea. Wapo wanaoamini ni mnunuzi tu anayepaswa kuweka. Hilo si kweli, kwani bei ikipanda anayepata hasara ni muuzaji.

Tuseme mkataba ni wa hisa 1,000 kwa shilingi 30 kila moja, na kila upande umeweka dhamana ya mwanzo ya shilingi 3,000. Jioni bei inafungwa kwa 29.20. Shilingi 800 zinatoka kwenye akaunti ya mnunuzi na kuingia kwa muuzaji siku hiyo hiyo, bila kungoja mkataba ukomae. Mnunuzi amebaki na 2,200, hivyo anatakiwa kurudishia 800 ndani ya muda aliopewa na wakala. Muda huo haujadiliwi. Asipolipa, nafasi yake inafungwa, yaani mkataba wake unauzwa kwa mtu mwingine kwa bei iliyopo. Ikiwa wakati huo bei ni 28.50, hasara nyingine ya 700 inakatwa, anarudishiwa 1,500 zilizobaki baada ya kuondoa ada, na bei ikipanda kesho yake hana dai. Muuzaji hapungukiwi na kitu, na huenda asijue kabisa kwamba mwenzake alishindwa.

Dhamana ya mwanzo, basi, kazi yake ni kubeba hasara ya muda ule mfupi kati ya mtu kushindwa kulipa na nafasi yake kufungwa. Bei ikiruka kupita kiasi hicho, pengo linamwangukia kwanza wakala wa mteja. Wakala naye akishindwa, hutumika fedha za akiba ya pamoja ya wanachama wa taasisi.

Hali hiyo imewahi kutokea. Septemba 2018, mfanyabiashara mmoja wa Norwe aliyebashiri tofauti ya bei ya umeme kati ya nchi za Nodiki na Ujerumani alishindwa kuongeza dhamana katika Nasdaq Clearing ya Stokholmu. Dhamana yake haikutosha. Taasisi ilitoa yuro milioni 7 za mtaji wake, kisha takriban milioni 107 zikachotwa kwenye mfuko wa wanachama wengine, ambao hawakuwa na kosa lolote. Mwaka 2021 msimamizi wa fedha wa Uswidi aliitoza taasisi hiyo faini ya krona milioni 300.

Kwa hiyo dhamana ikipandishwa wakati bei zinayumba, wakala hakuonei. Kama huna fedha za kuongeza, punguza idadi ya mikataba mapema, kabla hajakufungia yeye.