Kwa nini tunasema "nyumba kubwa" na si "nyumba nkubwa"?

Swali: "Ngeli ya N inatupa nyumba ndogo, nyumba mbaya, nyumba ngumu. Mbona ikifika kubwa, pana na tamu ile n inapotea? Na mbona jirani zangu Wakikuyu, wakikutana na n na t pamoja, hawaitupi n bali wanaigeuza t kuwa d?"

Anzia kinywani. Sema mmmm kwa sauti ndefu, kisha bana pua ghafla. Sauti inakatika, kwa sababu hewa yote ilikuwa inapitia puani. Sasa weka kidole kooni useme zzz, halafu sss. Kwenye z koo linatetema, kwenye s limetulia. Wanaisimu huita sauti za kundi la kwanza ghuna (b, d, g, z) na za kundi la pili sighuna (p, t, k, s, f).

Unapotamka mb, kazi ni nyepesi. Koo linatetema kwenye m na linaendelea kutetema kwenye b. Kilichobaki ni kaakaa laini kupanda na kuziba njia ya puani. Ukitaka mp ndani ya silabi moja, lazima kaakaa lipande na koo linyamaze karibu kwa wakati mmoja. Kaakaa ni zito na hupanda taratibu, kwa hiyo mtetemo wa nazali, yaani sauti ya puani kama m na n, humwagikia konsonanti inayofuata. Ndiyo maana lugha nyingi duniani huepa mkusanyiko huo wa nazali na konsonanti sighuna. Tuupe jina fupi, NT: N ni nazali yoyote, T ni konsonanti sighuna yoyote.

Kuepa kuna njia nyingi, na hapo ndipo lugha zinapoachana. Kiswahili hufuta nazali. Utaliona jambo hilo hata kwenye wingi wa nomino: ubao huwa mbao, ubavu huwa mbavu, udevu huwa ndevu, lakini ukuta huwa kuta na upande huwa pande. Kikuyu huipa konsonanti mtetemo: tema, yaani kata, ikitanguliwa na nazali ya nafsi ya kwanza hutoa ndemete, na koma, yaani lala, hutoa ngomete. Kiindonesia huziyeyusha sauti mbili kuwa moja. Kiambishi chake cha kitenzi huishia na nazali. Kikikutana na beli (nunua) tunapata membeli, lakini kikikutana na pilih (chagua) tunapata memilih, na tulis (andika) inatoa menulis. Ile p haikupotea bure, maana imeiachia m midomo yake, kama t ilivyoiachia n ncha ya ulimi. Kimandar, cha kisiwa cha Sulawesi hukohuko Indonesia, hufanya kinyume cha wote: huinyang'anya nazali upua wake. Dundu (kunywa) hutoa mandundu, lakini tunu (kuchoma) hutoa mattunu.

Kwa muda mrefu wanafonolojia waliandika kila moja ya hizi kama kanuni ya lugha husika: Kiswahili kina kanuni ya kufuta, Kikuyu kina kanuni ya kughunisha, na kadhalika. Kanuni hizo zilikuwa sahihi, ila hazikusema kwamba zote zinakimbia kitu kimoja. Mwaka 1970 Charles Kisseberth, ambaye baadaye alikichunguza sana Chimwiini, Kiswahili cha Barawa huko Somalia, alionyesha kwamba hata ndani ya lugha moja kanuni zinazoonekana hazihusiani zinaweza kula njama kuelekea lengo lilelile. Kila mtu aliiona njama, lakini hapakuwa na mahali pa kuiandika.

Mahali hapo palipatikana mwaka 1993, Alan Prince na Paul Smolensky walipotoa ile tunayoiita nadharia ya umbo upeo. Walisema lugha zote zina masharti yaleyale. Kinachotofautiana ni mpangilio wake wa vyeo. Sharti lolote linaweza kuvunjwa, mradi limevunjwa ili kuokoa sharti lililo juu yake. Na sharti la juu likishasema, la chini halina uwezo wa kulipinga, hata likisaidiwa na wenzake kumi. Ndivyo tunavyotafuta neno kwenye kamusi: herufi ya kwanza ikishatofautiana, hatuangalii tena zinazofuata.

Masharti yetu hapa ni matano. La kwanza linatetea kinywa: *NT, usibananishe nazali na sighuna. Manne yaliyobaki yanatetea neno lilivyo akilini mwa msemaji kabla halijatamkwa. USIFUTE inakataza kutupa sauti, GHUNA IBAKI inakataza kubadili hali ya koo, USIUNGE inakataza kuyeyusha sauti mbili kuwa moja, na NAZALI IBAKI inakataza kuinyang'anya nazali upua wake.

Sasa tuipeleke kubwa mahakamani. Akilini tuna N + kubwa. Tunaorodhesha maumbo yanayoweza kutamkwa, kisha tunayapima kutoka sharti la juu kwenda la chini. Nyota ni kosa, nyota yenye alama ya mshangao ni kosa lililomtoa mshindani. (Nimeacha NAZALI IBAKI ili jedwali lisijae; mshindani wake angetolewa mapema kama hao wengine.)

```
N + kubwa  | GHUNA IBAKI | USIUNGE | *NT | USIFUTE
nkubwa     |             |         | *!  |
ngubwa     |     *!      |         |     |
ng'ubwa    |             |   *!    |     |
> kubwa    |             |         |     |   *
```

Kubwa ameshinda akiwa na kosa, na kila mshindani alikuwa na kosa moja. Tofauti ni kwamba kosa la kubwa liko kwenye sharti la cheo cha chini kabisa. Mpe Mkikuyu jedwali hilohilo, shusha GHUNA IBAKI ikae mwisho na upandishe USIFUTE, na mshindi atakuwa umbo lenye ng, kama katika ngomete. Mwindonesia anaishusha USIUNGE, Mmandar anaishusha NAZALI IBAKI. Lugha inayoiacha *NT chini kabisa haifanyi lolote: inatamka NT kama ilivyo.

Masharti matano yanaweza kupangwa kwa namna 120. Ungetarajia lugha za aina 120, lakini fanya hesabu: kwa kuwa kila mshindani hapa anavunja sharti moja tu, mshindi huwa yule aliyevunja lile la chini kabisa. Kwa hiyo mipangilio 120 inatoa matokeo matano tu, mipangilio 24 kwa kila tokeo. Mimi hapa ndipo nadharia hii iliponishika. Haielezi Kiswahili peke yake. Inasema kabla hujasafiri ni lugha za aina gani utazikuta.

Msomaji makini ameshauliza: na mtu mkubwa je? Ile m ni mabaki ya mu-, ndiyo maana mbele ya irabu unasikia mwema na mwekundu. Ni silabi inayojitegemea, m-ku-bwa, haijabanwa na k ndani ya silabi moja, kwa hiyo *NT haina kesi nayo.

Kesi ngumu zaidi ni mpya. Nyumba mpya ni ngeli ileile ya N, na p ni sighuna kama k. Kwa mantiki ya juu tungesema nyumba pya. Hapa linaingia sharti ambalo kwenye kubwa halikuwa na kazi: neno liwe na silabi mbili au zaidi. Kubwa akipoteza nazali anabaki na silabi mbili, lakini pya akipoteza yake anabaki na moja. Sharti hilo liko juu ya USIFUTE, basi nazali inaokolewa, na inaokolewa kwa kupandishwa kuwa silabi kamili. Sikiliza mkazo: Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika mpya mkazo unaangukia kwenye m yenyewe. Silabi isiyo na irabu nayo ni kosa, na kwa kawaida Kiswahili hukataa kulipa bei hiyo kwa sababu ya nazali ya ngeli hii, la sivyo tungekuwa na n-ku-bwa. Kinalipa pale tu ambapo neno lingebaki fupi mno. Nchi na nta zina umbo hilohilo.

Jambo jingine dogo ambalo watu wa bara mara nyingi hawalisikii: kule Mombasa na Lamu nazali haikuondoka mikono mitupu. Paa la nyumba hutamkwa kwa p kavu, lakini paa mnyama, wa ngeli ya N, hutamkwa kwa p yenye pumzi, p'aa. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini, k'aa. Pumzi hiyo ni alama ya nazali iliyokuwapo. Kwa hiyo kwa lahaja hizo USIFUTE haikuvunjwa kwa ukamilifu kama jedwali langu linavyodai, na mchambuzi wa huko angelazimika kuongeza mshindani mwenye pumzi.

Kuna pia mahali ambapo *NT inapuuzwa waziwazi. Tunasema benki na kampuni bila kufuta wala kughunisha. Waindonesia nao husema empat, nne, bila kuyeyusha chochote. Joe Pater, aliyezikusanya lugha za aina hii kwenye makala yake ya 1999, alitenga uaminifu kwa mzizi, yaani kuutetea mzizi ulivyo akilini, na uaminifu wa jumla: sharti linalolinda mzizi likiwa juu ya *NT, ukarabati utatokea pale tu kiambishi kinapokutana na mzizi. Ukitaka kujua kama lugha iko hivyo, usitazame maneno ya kukopa peke yake; tafuta mpaka wa kiambishi.

Udhaifu ninaouona mimi ni kwamba nadharia hii ina dawa nyingi kuliko zinazotumika. Lugha kadhaa zinakataa sauti ghuna mwisho wa neno. Kijerumani huandika Hund, mbwa, na kutamka hunt. Kwa kupanga masharti upya, tungetarajia lugha nyingine iifute hiyo d, nyingine iongeze irabu baada yake, nyingine iigeuze n. Lakini kwa tatizo hilo lugha huelekea dawa ileile, kuondoa ghuna. Donca Steriade alipendekeza kwamba msemaji ana ujuzi wa mabadiliko yapi sikio la mwenzake litayaona kidogo zaidi, na kwamba ujuzi huo unayapanga baadhi ya masharti kwa lugha zote, hayahamishiki. Mwishoni mwa neno t na d hutofautiana kwa shida sana sikioni, ilhali irabu iliyoongezwa kila mtu anaisikia. Wanaofuata njia hiyo wanalazimika kukubali kwamba si kila mpangilio wa masharti uko huru.