Je, wajua? Kazi ya mtu mzima kwenye jaribio la puto

"Kadi yangu ya jaribio la watoto ina sehemu ya usimamizi. Kwa nini nisiandike tu 'mtu mzima awepo', yakaisha?"

Kwa sababu mtu mzima anaweza kuwepo na asijue azuie nini. Mama yuko barazani Mikindani anachambua mchele, watoto wako hatua tatu kutoka kwake, na sharti la kadi limeshatimia.

Tuchukue jaribio la puto linalojaa lenyewe. Vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu vinawekwa kwenye chupa ya nusu lita. Kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda kinatiwa ndani ya puto, puto linavishwa mdomoni mwa chupa, kisha linainuliwa unga udondoke. Asidi ya ndimu ikikutana na bikaboneti hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na puto linavimba kama embe dodo.

Hatari ya kwanza iko kwenye orodha ya vifaa, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ukiandika "soda nyeupe", nyumba inayotengeneza sabuni itatoa kostiki soda, pengine iko kwenye mfuko wa plastiki usio na lebo. Hiyo huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Ikiguswa na maji ya ndimu, chupa hupata moto bila mapovu ya gesi, ila wakati huo mtoto ameshaishika. Basi andika: "Bikaboneti ya soda ya kuumulia keki, kutoka kwenye pakiti yenye jina lake. Mtu mzima asome jina kabla ya kufungua. Kostiki soda isitumike kamwe."

Ya pili ni kizibo. Mtoto akishaona puto limejaa, hutamani kumimina pakiti nzima, aongeze ndimu, afunge chupa aone itakuwaje. Gesi ikikosa pa kutokea, kizibo huruka usoni au chupa hupasuka. Hapa kadi impe mkubwa kazi ya mikono: "Mtu mzima achukue kizibo na pakiti, akae navyo mpaka chupa ioshwe."

Kwenye umri, weka miaka 8 na kuendelea. Kinachoamua ni puto, wala si ugumu wa somo: mtoto mdogo akilitia mdomoni, au kipande chake likipasuka, linaweza kumziba koo. Wadogo watazame wakiwa wamekaa na mkubwa, na vipande vyote viokotwe.

Maneno haya yaweke juu, kabla ya hatua. Watu hupiga picha sehemu ya juu ya kadi na kurushiana kwenye simu, na onyo lililo chini kabisa hubaki kwako. Malizia sehemu hiyo na huduma ya kwanza: "Ndimu au unga ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Maumivu yakiendelea, nenda kituo cha afya. Ikiwa ni kostiki, suuza hivyohivyo mara moja, kisha mpeleke mtoto bila kungoja maumivu."