Jasho na tumbo la kuendesha baada ya kukatwa mfuko wa chakula

Hapa Tabora, mgonjwa akishaondolewa sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, ndugu humpikia uji mzito na kuutia asali nyingi ili apate nguvu haraka. Mama mmoja mkulima, aliyefanyiwa upasuaji huo kwa sababu ya vidonda vilivyoziba njia ya chakula, alikunywa bakuli zima asubuhi. Robo saa haijapita, tumbo likaanza kunguruma na kusokota, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka, kisha akaharisha. Nyumbani wakasema ni malaria. Kipimo hakikuonyesha malaria, na homa hakuwa nayo.

Mfuko mzima hukisaga chakula mpaka kiwe vipande vidogo sana, na mlango wake wa chini hukitoa kidogo kidogo. Kwa mama huyu mlango ule uliondoka pamoja na sehemu iliyokatwa, kwa hiyo uji wote wenye sukari ukamwagikia utumbo mwembamba kwa mkupuo. Sukari nyingi ikiwa mle ndani huvuta maji kutoka kwenye damu, kama chumvi inavyoyatoa maji ya kabichi. Utumbo unajaa na kutanuka, ndiyo yale maumivu ya kusokota. Maji yaliyozidi yanatoka kama kuharisha. Wakati huohuo damu imepungukiwa maji, na utumbo wenyewe unamwaga homoni zinazotanua mishipa. Presha inashuka, moyo unakimbia kuifidia, mtu anatoka jasho na kutamani kulala chini.

Saa mbili baadaye jasho lilirudi, safari hii na kutetemeka na njaa kali. Watu wengi huyachanganya haya mawili. Sukari ilikuwa imeingia kwenye damu kwa kasi, kongosho likajibu kwa insulini nyingi kupita kiasi, na sukari ikaporomoka. Tulipompima ilikuwa 2.8 mmol/L. Hapo kweli alihitaji kitu kitamu, ila kidogo tu, kisha chakula cha kawaida. Akipewa bakuli jingine la asali mzunguko unaanza upya.

Dawa hatukumpa. Tulimwambia asali aiache, ale mara sita kwa siku kiasi cha kiganja, aanze na samaki, yai au maharage ndipo aguse ugali, na maji ayanywe nusu saa baada ya kula. Akimaliza kula alale chali kidogo, maana kulala hupunguza kasi ya chakula kushuka. Kwa walio wengi hali hii hupoa ndani ya miezi kadhaa. Wachache ndio wanaofikia dawa za kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, au sindano za kuzuia homoni za utumbo.

Ila dalili zikija bila kufuata chakula, au kukawa na homa, choo cheusi au kutapika kusikokoma, msiulaumu uji. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.