Mteja Wako Hajauliza Mashine Ina Injini Gani

Wiki iliyopita nimesikia tena ile kauli, safari hii kwa simu kutoka Lugari: "Andika kila kitu mashine inafanya, mteja atajichagulia mwenyewe." Kazi yangu hapa Kakamega ni kuwaandikia wenye biashara matangazo ya meseji, na nikihesabu mara nilizoambiwa hivyo mwaka huu pekee, vidole havitoshi. Kwa hiyo leo nitaimaliza hiyo kwanza, nyingine tutazigusa tukipita.

Dhana: Ukiorodhesha sifa zote za huduma mpya, mteja wa zamani ataona thamani yake.

Mzee aliyenipigia ana kinu cha kusaga na mashine ya kupukuchua mahindi. Wateja anao wa miaka, na namba zao zimo kwenye daftari. Amenunua mashine ya kukausha, na tangazo lake la kwanza alikuwa amelituma mwenyewe kabla ya kunitafuta. Lilisema hivi, nimefupisha kidogo: "Tumeleta mashine ya kisasa ya kukausha nafaka, injini ya dizeli, uwezo wa magunia 20 kwa mkupuo, kipima unyevu cha kidijitali, wahudumu wenye ujuzi, bei nafuu. Karibuni nyote." Wiki nzima alipigiwa simu tatu. Mmoja kati ya hao watatu alitaka kujua mashine inauzwa pesa ngapi.

Yule mteja hakukosea kusoma. Meseji inayosifu injini na uwezo inasomeka kama tangazo la muuzaji wa mashine. Hakuna neno hata moja ndani yake linalomhusu mkulima aliyekodi pikapu, akapeleka mahindi depo, kipimo kikasoma 17, akaambiwa arudi nayo. Depo inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huyo mtu amelipa gari kwenda na kurudi, sasa ameanika kando ya lami, mtoto mmoja anafukuza kuku, na yeye mwenyewe anaangalia mawingu. Mashine ya mzee inatibu siku hiyo hasa, na tangazo halikuitaja.

Mteja wa zamani hahitaji kushawishiwa kwamba wewe ni mtu wa kuaminika. Amekuletea mahindi yake apukuchuliwe misimu kadhaa. Asichojua ni kitu kimoja: siku gani ya taabu yake ndiyo siku ya kukupigia. Mpe hiyo siku, kwa maneno anayoyatumia yeye. Nilimwomba mzee amwambie kijana wake wa mizani aandike kwa wiki mbili kila lalamiko linalotajwa wakati watu wanangoja foleni. Hakuna aliyesema "kiwango cha unyevu kiko juu". Walisema "yamerudishwa depo", "yamekataliwa", "yameloa tena jana". Basi tukaandika:

"Mahindi yamekataliwa depo kwa unyevu? Usiyaanike tena. Yalete kinuni asubuhi, tuyakaushe, tuyapime mbele yako, urudi nayo jioni. Piga", kisha namba yake ya simu.

Kipima unyevu bado kimo, lakini sasa kiko ndani ya "tuyapime mbele yako", kwa sababu kinachomuuma mkulima ni kupimiwa na mtu mwingine mahali asipoona. Injini ya dizeli imetoka kabisa. Bei, uwezo wa mashine na mengine yote yana mahali pake, na mahali hapo ni kwenye simu, mteja akishapiga. Hapo ndipo pia mzee anamwambia ukweli usiopendeza: gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 18 likikaushwa hadi 13.5 litabaki na karibu kilo 85. Kilichotoka ni maji, lakini ambaye hakuambiwa mapema atasema ameibiwa.

Kuna mtego hapa, na mzee karibu aniingize. Alitaka tuanze na sumukuvu, kwa vile ndilo neno linalotisha. Nilikataa. Kukausha mapema kunazuia kuvu kuota, ila hakuondoi sumu ambayo tayari imeingia kwenye punje. Ukimtangazia mtu kwamba unamwondolea sumukuvu, atakuletea mahindi yaliyokwisha kuharibika, na utayakausha vizuri sana yakiwa na sumu yake ndani. Taja shida ambayo huduma inaimaliza kweli, hata kama kuna nyingine yenye kelele zaidi.

Neno "jioni" nalo nililipigania mpaka akakubali masharti yake. Mashine inachukua magunia 20 kwa mkupuo, na mahindi ya unyevu wa 25 yanakaa ndani muda mrefu kuliko ya 16. Wakija wakulima kumi asubuhi moja, ahadi imekufa. Kwa hiyo hatukutuma kwa daftari lote siku moja. Tulianza na wa vijiji vya karibu, tukangoja mzee aone foleni inavyokwenda, ndipo tukaendelea. Waliokuwa wanaleta mahindi ya kusaga tu, debe moja la unga wa nyumbani, hatukuwatumia kabisa. Hao hawajawahi kurudishwa depo.

Utajuaje kama tangazo limekaa sawa? Sikiliza swali la kwanza la anayepiga. Akiuliza "hiyo mashine ni ya nini?" au "mnauza?", umeandika sifa. Akisema "nina magunia nane hapa, nije lini?", umemfikia. Mimi humwambia mwenye biashara aandike yale maswali ya kwanza, kwa sababu idadi ya simu peke yake inadanganya.

Dhana: Kumtajia mteja shida yake ni kumdharau.

Inategemea nani anabeba lawama kwenye sentensi. "Umeshindwa kukausha mahindi yako?" ni tusi. "Mahindi yamekataliwa depo?" ni jambo lililompata yeye na jirani yake na nusu ya kijiji.

Dhana: Bila punguzo la bei hakuna tangazo.

Punguzo mpe mtu anayejua anapunguziwa nini. Huduma bado hajaielewa, na wewe tayari umemfundisha kwamba bei ya kawaida ni kubwa. Sitaki kusema zaidi, nitakasirika.

Dhana: Alama za uso zinavuta macho.

Zinavuta pesa yako. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukitia kikatuni kimoja tu cha kucheka, nafasi inashuka hadi 70, na meseji uliyodhani ni moja inahesabiwa kuwa mbili au tatu kwa kila mteja. Zile alama za kunukuu zilizopinda, ambazo simu au kompyuta hujiwekea yenyewe, zinafanya vivyo hivyo kimyakimya. Ya mzee ina herufi 144 pamoja na namba ya simu, na zilizobaki nimeziachia maelezo ya kujitoa, maana mteja ana haki ya kukataa matangazo yako.

Na hiyo namba iandike ndani ya meseji. Wengi wanamalizia kwa "jibu ujumbe huu" wakati meseji inatoka kwa jina la biashara. Jina halipigiwi simu wala halijibiwi. Duka moja mjini lilituma hivyo kwa wateja wake wote, likangoja majibu siku nne, kisha mwenye duka akanipigia kuniambia kwamba meseji hazifanyi kazi siku hizi.