Hali ya uokoaji ya ruta ni nini?

Umeme ukikatika ruta ikiwa katikati ya kusasisha programu dhibiti, huenda ikiwaka tena haifanyi kazi. Taa zote zinawaka kwa pamoja, zinazima, zinawaka tena, au ya pawa inapepesa peke yake polepole bila kukoma. Nyingi za hizi bado zinaokoleka, kwa sababu ya jinsi kumbukumbu ya ruta ilivyogawanywa.

Programu dhibiti inakaa kwenye sehemu kubwa ya kumbukumbu. Pembeni yake kuna programu ndogo ya kuwashia, ambayo huamka kwanza umeme unapoingia, na kwa kawaida usasishaji hauigusi. Ikiikuta ile kubwa imeandikwa nusu, katika ruta nyingi hukataa kuipakia na kusubiri faili jipya kwa njia ya waya. Kusubiri huko ndiko kunaitwa hali ya uokoaji, na mara nyingi taa inayopepesa polepole ndiyo ishara yake. Taa zikirudia mzunguko uleule kila baada ya sekunde kadhaa, huenda programu kubwa inapakiwa, inaanguka, na kila kitu kinaanza upya.

Ili kujua, unganisha kompyuta kwa kebo kwenye tundu la LAN. Waifai usiitegemee, inaendeshwa na programu ileile iliyoharibika. Hata anwani ya IP ya kompyuta ujipangie mwenyewe, kwa mfano 192.168.1.10 na subnet mask ya 255.255.255.0, maana programu ya ruta inayozigawa anwani nayo haifanyi kazi. Kisha, kwenye Windows, kama ruta yako hutumia 192.168.1.1:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Zima ruta, iwashe, na utazame skrini. Majibu yakija, hata ya sekunde chache tu, kuna uhai.

Kubonyeza Reset ruta ikiwa imewaka hakutibu tatizo hili, kwa kuwa hufuta mipangilio tu. Lakini kwenye ruta nyingi, ukikishikilia kitufe hichohicho wakati unaingiza umeme, unailazimisha iingie hali ya uokoaji. Baadhi hapo hupokea faili kwa TFTP, njia rahisi ya kutuma mafaili kwenye mtandao, ambayo kwenye Windows huwa inabidi uiwezeshe kwanza:

```
tftp -i 192.168.1.1 put firmware.bin
```

Faili liwe la modeli na toleo lilelile lililoandikwa kwenye lebo ya chini. Likishapokelewa, usiguse umeme kwa dakika kama tano. Kutuma kumekwisha, lakini kuandika bado kunaendelea, na hapa ndipo wenye haraka huiharibu mara ya pili.

Kuna ruta zinazofanya kinyume: zenyewe ndizo zinazoomba faili kutoka kwenye kompyuta, kwa jina na anwani maalumu. Kwa hiyo soma kwanza maelekezo ya modeli yako.

Taa zikiganda bila kubadilika na ping ikakosa jibu lolote kwa kebo isiyo na hitilafu, yamkini programu ya kuwashia nayo imeguswa. Hapo inabidi kufungua kasha na kuandika chipu moja kwa moja kwa kifaa maalumu, kazi ya fundi wa vifaa vya elektroniki.