Alama ya "mnunuzi aliyethibitishwa" si kiapo

Anayeniletea malalamiko ya bidhaa mbovu aliyonunua mtandaoni huja na utetezi uleule: "Lakini walioisifu walikuwa wanunuzi wa kweli, alama ilikuwepo." Nimechoka kuusikia, kwa hiyo nianze nao.

Alama hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba akaunti fulani ililipia bidhaa ile katika duka lile. Haisemi fedha hatimaye zimetoka mfukoni mwa nani. Dalali hufungua kundi Facebook au Telegram, akabandika picha za bidhaa. Ukivutiwa, anakupa maneno ya kutafutia, uifikie kama mteja wa kawaida badala ya kubonyeza kiungo. Unalipa bei kamili, unapokea mzigo, unangoja siku chache, kisha unaandika sifa na nyota tano, na picha juu. Ukishamtumia dalali picha ya skrini, unarudishiwa fedha zako zote nje ya mfumo wa duka. Duka limeona oda halali na mzigo uliofika, likaweka alama. Muuzaji amepoteza bidhaa moja na kamisheni, na kwake hiyo ni gharama ya tangazo.

Huu si uvumi. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimshtaki muuzaji wa vidonge vya kupunguza uzito, kampuni ya Cure Encapsulations, kwa kulipia maoni ya aina hiyo kwenye Amazon. Kwa mujibu wa mashtaka, mwenye kampuni alimwambia aliyemuuzia maoni kwamba ili mauzo yaende anahitaji wastani wa 4.3 kati ya 5. Kwa hiyo wastani unaoutegemea wewe, mwenzako aliuagiza kama mtu anavyoagiza vifungashio.

Sasa tuseme umefungua ukurasa wa chaja yenye wastani wa 4.7 na maoni 1,900. Usisome ya juu, hayo duka limekuchagulia. Panga kwa tarehe, mapya kwanza. Ukikuta maoni arobaini ya nyota tano yameingia ndani ya wiki moja, kisha mwezi mzima kimya, jiulize ni wateja gani hao wanaokuja kwa basi moja. Shuka hadi ya zamani kabisa. Pale utakuta mtu anasema "kava limekaa vizuri kwenye simu yangu". Kava? Unasoma habari za chaja! Muuzaji amechukua ukurasa wa bidhaa nyingine iliyopendwa akaiingiza chaja yake humo, ikarithi nyota zisizo zake. Kampuni ya The Bountiful ilikubali mwaka 2023 kulipa dola 600,000 baada ya FTC kuishtaki kwa kuunganisha bidhaa tofauti kwa namna hiyo.

Kisha nenda kwenye nyota tatu. Hapa ndipo ninapowang'ang'aniza wateja wangu, maana nyota tatu hakuna anayezilipia: hazimpandishi muuzaji wala hazimwangushi mshindani. Mmoja anasema chaja inafanya kazi ila baada ya saa moja inapata moto. Mwingine, kwa maneno yake, anasema kebo imelegea na plagi ikiguswa inaunguza. Watu wawili wasiojuana wametaja kasoro moja. Hiyo naiamini kuliko "bora sana, nimeipenda, nunua bila wasiwasi", sentensi inayofaa kwa chaja, sufuria au viatu.

"Basi nitaamini nyota moja." Hapana. Washindani nao hununua maoni ya kuchafua, na nyingi za zile za kweli zinalalamikia mzigo kuchelewa.

"Maoni ya uongo yamejaa makosa ya lugha." Yanayolipiwa siku hizi yameandikwa safi kabisa. Anayekosea herufi huenda ni mtu wa kweli aliyeandika kwa haraka akiwa amekasirika.

"Shuhuda kwenye tovuti yao zina majina na picha." Aliyechagua zipi uzione ni muuzaji. Fashion Nova, duka la nguo la mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 4.2 mwaka 2022 baada ya kushtakiwa kwamba iliyazuia maoni ya chini ya nyota nne yasionekane.

"Sheria imeshapiga marufuku." Ni kweli, Marekani tangu Oktoba 2024 na Uingereza tangu Aprili 2025, lakini ukurasa ulio mbele yako haujafutwa kwa sababu hiyo.

Tena hata mteja mkweli ana mipaka yake. Anayesifu chaja siku ya pili hajui itakuwaje baada ya miezi sita. Tafuta aliyerudi kuongeza neno baada ya miezi kadhaa, akasema kilichovunjika na kama muuzaji alijibu. Ukikosa hata mmoja kati ya 1,900, funga ukurasa.